Hita ya mionzi au hita ya hewa: ipi iwekwe chumba gani

Chukua hita mbili za umeme, kila moja wati 1500. Ya kwanza ina mirija inayong'aa rangi ya chungwa, ya pili ni bamba la chuma lisilotoa mwanga wala sauti. Ziwashe saa nzima bila kuzima. Kila moja itakuwa imekula yuniti moja na nusu ya umeme, na kila moja itakuwa imetoa joto la yuniti moja na nusu. Ndivyo ilivyo kwa hita yoyote yenye waya unaopata moto: karibu umeme wote unageuka joto. Anayekuambia kuwa hita yake inatoa joto maradufu kwa umeme uleule anauza maneno.

Zinapoachana ni mahali joto lile linapokwenda. Hita ya mionzi hulirusha moja kwa moja mpaka kwenye ngozi, nguo, kiti na ukuta ulio mbele yake, na hewa iliyo katikati haipati moto sana. Hita ya hewa, au konvekta, huvuta hewa baridi kwa chini, huipasha, kisha huiachia juu. Hewa hiyo hupanda darini, husambaa, hupoa na kushuka, na mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize: unataka kumpasha mtu, au unataka kupasha chumba?

## Vigezo vitano

Tutazipima kwa maswali yaleyale. Joto linasikika baada ya muda gani? Hita inavumiliaje chumba kinachovuja hewa? Watu wangapi wanafaidi, na je, wanaweza kutembeatembea? Umeme unaliwa kiasi gani kwa matumizi halisi, maana wati zilizoandikwa kwenye boksi hazitoshi kukuambia? Na mwisho, hatari zake ni zipi na huharibika vipi?

Kuna jambo moja la kulielewa mapema, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi yatakayofuata. Mwili hausikii joto la hewa peke yake. Unasikia pia joto la vitu vinavyouzunguka: kuta, dirisha, dari, sakafu. Katika chumba kisicho na upepo, unachokisikia ni karibu wastani wa hayo mawili. Hewa ikiwa nyuzijoto 20 na kuta nyuzijoto 12, mwili unaona kama 16, na ndiyo maana mtu hutazama kipimajoto kinachosema 20 na bado akajikunyata. Upande wa pili, hewa ikiwa 15 tu lakini mbele yako kuna kitu chenye moto kinachopandisha wastani wa mionzi hadi 25, mwili unaona 20. Hita ya mionzi inacheza na nusu moja ya hesabu hii, konvekta inacheza na nyingine.

## Hita za mionzi

Kundi hili lina ndugu watatu. Hita ya kwarzi ina koili ya waya ndani ya mrija wa kwarzi, aina ya kioo kinachostahimili moto mkali, na nyuma yake kuna bati linalong'aa la kurudisha mionzi mbele. Mara nyingi mrija mmoja ni wati 400, na hita ndogo huwa na miwili. Hita ya halojeni inafanana nayo kwa umbo, ila ndani kuna uzi unaowaka kwa joto kubwa zaidi, hivyo mwanga wake ni mkali kama taa. Wa tatu ni paneli ya infraredi: bamba bapa la ukutani au darini lisilowaka mwanga wowote, ambalo uso wake hufika takribani nyuzijoto 80 hadi 100. Paneli hupasha hewa pia kwa sehemu, hasa ikitundikwa ukutani, kwa hiyo ihesabu kama iliyo katikati ya kambi hizi mbili.

Neno "mionzi" huwatisha wengine. Infraredi ni joto lilelile unalolisikia usoni ukikaa karibu na makaa. Haipigi picha za mifupa wala haiunguzi ngozi kwa namna ya jua la mchana. Lakini ngozi inayokaa karibu mno na hita, kwa saa nyingi, siku baada ya siku, huota michoro myekundu au ya kahawia kama wavu, hasa kwenye miguu. Ukiiona, sogeza hita mbali.

Joto linasikika lini. Halojeni, papo hapo. Kwarzi, ndani ya dakika moja. Paneli inahitaji dakika kadhaa. Kwa kuwa mionzi haingoji hewa ipate moto, unaweza kuingia chumba chenye baridi, ukabonyeza swichi na kunyoosha mikono.

Chumba kinachovuja. Hapa hita ya mionzi haina mpinzani. Mlango ukifunguliwa, hewa iliyopashwa inatoka, lakini mionzi iko palepale. Hata kibarazani, nje kabisa, bado inakufikia. Upepo ukivuma utapunguza raha, kwa sababu unapora joto la ngozi yako, lakini haupulizi mionzi pembeni.

Watu na nafasi. Hapa ndipo inapochoka. Mionzi husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo anayekaa nyuma ya sofa au nyuma ya mtu mwingine hapati kitu. Umbali nao ni mkali. Ukisimama mita 1 kutoka hita ndogo kisha ukarudi hadi mita 2, joto linalokufikia hukaribia kushuka hadi robo. Mrija mrefu wenye bati zuri la nyuma hupungua taratibu kidogo kuliko hivyo, lakini mwelekeo ni uleule. Halafu kuna lile la uso kuungua na mgongo kuganda, kwa sababu joto linatoka upande mmoja. Dawa yake ni kutumia hita mbili za wati 400 kutoka pande mbili badala ya moja ya 800 kutoka mbele.

Umeme. Hita nyingi za kwarzi hazina thamostati, na hata ikiwekwa haisaidii sana kwa sababu inapima hewa, na hewa si kazi ya hita hii. Inakula wati zake zote kuanzia unapoiwasha hadi unapoizima. Unaokoa kwa sababu mbili tu: mtu mmoja anatosheka na wati chache, na huhitaji kuiwasha kabla hujafika. Ukiisahau ikiwaka chumbani patupu, faida yote imekwenda.

Hatari na hitilafu. Kitu chochote kinachoweza kuungua kikae angalau mita 1 mbele yake: pazia, shuka, nguo za kukausha, karatasi. Hita zinazosimama sakafuni huwa na swichi ya kuanguka chini ya kitako. Ikiinuliwa au kulala, umeme unakatika. Swichi hiyo ndiyo sababu ya malalamiko ya "hita mpya haiwaki". Kwenye zulia nene kitufe hakibonyei mpaka mwisho, na hita inadhani imeanguka. Iweke juu ya sakafu ngumu, itawaka. Usikifunge kitufe kwa gundi.

Mrija wa kwarzi hauogopi moto, unaogopa kugongwa na kumwagiwa maji ukiwa wa moto. Mrija wa halojeni usiushike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yakipikwa pale hufanya doa la ukungu ambalo hudhoofisha kioo. Ukiugusa, ufute kwa spiriti ukiwa baridi. Mrija mmoja ukikataa kuwaka, chomoa plagi, acha hita ipoe, fungua kifuniko na upime mrija kwa mita ya omu. Kwa mrija wa wati 400 kwenye umeme wa volti 230, hesabu ni 230 mara 230 gawa kwa 400, yaani kama omu 132. Kwarzi yenye koili nzima itasoma karibu na hapo. Mita isiposogea kabisa, koili imekatika, na dawa ni mrija mpya wa urefu uleule na wati zilezile. Halojeni usiipime kwa hesabu hii, kwa sababu uzi wake ukiwa baridi husoma omu chache sana kuliko hizo hata ukiwa mzima.

Jambo dogo linalosahaulika: bati la nyuma likijaa vumbi, mionzi haiendi mbele tena. Joto linabaki kwenye boksi la hita, plastiki inapata moto, na wewe unaona hita "imezeeka". Lifute kwa kitambaa laini kikavu hita ikiwa imechomolewa na imepoa.

Inamfaa nani. Mtu mmoja au wawili wanaokaa mahali pamoja, kwa muda mfupi, kwenye chumba kikubwa, chenye dari ndefu au kinachovuja.

## Hita za kupasha hewa

Hapa pia kuna ndugu watatu. Konvekta ya bamba ina waya wa moto kwa chini na matundu juu. Hita ya feni ina waya uleule, lakini hewa inasukumwa. Hita ya mafuta ina mapezi ya chuma yaliyojaa mafuta yanayopashwa na umeme. Mafuta hayo hayachomwi wala hayaongezwi, kazi yake ni kutunza joto tu. Mapezi yake hutoa mionzi kidogo pia, lakini sehemu kubwa ya kazi ni ya hewa.

Joto linasikika lini. Feni inakupulizia hewa ya moto mara moja ukikaa mbele yake. Konvekta ya bamba inahitaji dakika kadhaa kupata kasi. Hita ya mafuta huchukua kama dakika 15 hadi 30 kabla mapezi hayajapata moto vizuri. Lakini kupasha hita na kupasha chumba ni mambo mawili. Hewa yenyewe ni nyepesi mno. Katika chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5, hewa yote ina uzito wa kilo 36 hivi, na kuipandisha nyuzijoto 10 kunahitaji sehemu moja ya kumi ya yuniti tu. Wati 1500 zingeimaliza kazi hiyo ndani ya dakika nne. Kinachochelewesha ni kuta, sakafu na samani, ambavyo vinanyonya joto hilo kila hewa inapovigusa. Ndiyo maana kipimajoto hupanda haraka mwanzoni, kisha hutambaa.

Chumba kinachovuja. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Joto lote limepakiwa kwenye hewa, na hewa ikiondoka inaondoka nalo. Chumba chenye dari ndefu kinafanana na kinachovuja, kwa sababu hewa ya moto inapanda na kukaa juu huku miguu ikibaki baridi. Kama kuna feni ya dari inayoweza kugeuzwa mwelekeo, izungushe polepole ivute hewa juu. Ile ya moto itateremka kwa kupitia kutani bila kukupulizia.

Watu na nafasi. Hapa konvekta inajitetea vizuri. Chumba kikishapata joto, watu watano wanafaidi sawa na mmoja, na yeyote anaweza kuhama kiti bila kupoteza kitu. Hakuna mwanga wa kumulika usiku. Hita ya mafuta haina sauti zaidi ya kugongagonga kidogo chuma kinapotanuka. Ya feni ina kelele, na inatimua vumbi.

Umeme. Thamostati ndiyo inayofanya kazi ya akili hapa. Chumba kikifika joto ulilotaka, hita inazima, kisha inawaka tena baadaye. Lakini thamostati inapima hewa ya pale hita ilipo. Ukiificha kwenye kona nyuma ya sofa, itazungukwa na hewa yake yenyewe ya moto na kuzima mapema. Ukiiweka kwenye njia ya upepo wa mlango, haitazima kamwe. Iache na nafasi pande zote, na kama chumba kina dirisha kubwa la baridi, iweke chini ya dirisha hilo, ili hewa ya moto ikutane na ile baridi inayoteremka kutoka kwenye kioo. Pazia refu lisiifunike.

Hatari na hitilafu. Uso wa konvekta na wa hita ya mafuta ni wa moto lakini hauwaki, kwa hiyo hatari ya kuunguza vitu ni ndogo kuliko ya mirija, ingawa haijaisha. Kosa la kawaida ni kuanika nguo juu yake. Hewa inaziba, waya unapata moto kupita kiasi, na kinga ya ndani inakata umeme. Aina nyingine za kinga hazirudi zenyewe: chomoa plagi, ondoa nguo, subiri ipoe kabisa, kisha jaribu tena. Harufu ya kuungua siku ya kwanza ya msimu kwa kawaida ni vumbi lililotulia juu ya waya, na huisha baada ya dakika chache. Harufu ya plastiki ni jambo jingine, zima. Hita ya mafuta ikivuja hata tone moja, usiitumie wala usijaribu kuiziba.

Lawama moja haistahili: kwamba konvekta "inakula hewa" au "inakula unyevu". Hita ya umeme haichomi kitu, kwa hiyo haitumii oksijeni. Ukavu upo kweli, lakini sababu yake ni hewa kupata moto. Hewa ya nyuzijoto 8 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzijoto 20 bila kuongezewa maji, itasoma kama asilimia 37. Maji ni yaleyale, ila hewa ya moto ina nafasi ya kubeba mengi zaidi. Hita ya mionzi hukausha koo kidogo kwa sababu tu haijaipasha hewa kiasi hicho.

Inamfaa nani. Familia au watu kadhaa, kwa saa nyingi, kwenye chumba kinachofungika vizuri chenye dari ya kawaida.

## Chumba kimoja, hesabu tatu

Turudi kwenye kile chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5. Kuta mbili zinatazama nje, ni za tofali tupu bila kihami joto. Kuna dirisha la kioo kimoja lenye mita 1.5 za mraba, na dari haijawekewa kitu juu yake. Nje ni nyuzijoto 8, ndani tunataka 20. Tofauti ni 12.

Kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti, kuta za nje zinapitisha kama wati 32, dari 24, dirisha 7 au 8, na hewa inayobadilika mara moja kwa saa inabeba wati 10. Jumla ni kama wati 73, na ukizidisha kwa 12 unapata karibu wati 880. Hizo ndizo wati za kukitunza chumba kilichokwisha kupata joto.

*Mtu mmoja, saa moja.* Anataka kusoma jioni kisha alale kwingine. Konvekta ya wati 1500 itawaka saa nzima bila kuzima, kwa sababu kuta bado zinanyonya. Atakuwa ametumia yuniti 1.5, na chumba kinakolea ndiyo kwanza anaondoka. Kwarzi ya wati 800, mita moja na nusu kutoka alipokaa, imekula yuniti 0.8, naye alisikia joto tangu dakika ya kwanza. Mrija mmoja ukimtosha, ni yuniti 0.4.

*Mtu mmoja, saa sita.* Konvekta sasa inazima na kuwaka, wastani wake ni wati 880, yaani yuniti 5.3, pamoja na kiasi cha ziada cha kupasha kuta mwanzoni. Kwarzi ya 800 ikiwaka saa zote sita inakula 4.8. Tofauti ni ndogo mno kwa mtu aliyekaa siku nzima amegandamana na kiti. Ikiwa wati 400 zinamtosha, ni 2.4, na hapo hesabu ina maana. Ndiyo kusema anayenunua hita ya mionzi ili aokoe umeme lazima awe tayari kuitumia kwa wati chache na karibu naye.

*Watu watatu, saa sita.* Kila mmoja akihitaji mrija wake wa wati 400, jumla ni wati 1200 na yuniti 7.2. Konvekta imebaki pale pale kwenye 5.3 na ziada yake, na watoto wanaweza kuhama wanavyotaka.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: mlango una mwanya chini, dirisha halifungi sawasawa, na hewa inabadilika mara tano kwa saa badala ya moja. Upotevu unapanda kutoka wati 880 hadi kama 1360. Konvekta ya 1500 itabaki inawaka karibu muda wote na itachelewa sana kufika 20. Kwarzi haijaongeza hata wati moja. Na badilisha kingine: ziba mianya, weka kihami joto cha maana juu ya dari, na dari inayopitisha wati 24 kwa kila nyuzijoto itapitisha kama 5. Konvekta inashuka hadi wati 650. Aliyekuwa akibishana kuhusu hita anaweza kugundua kuwa ugomvi wake ulikuwa na dari.

## Chumba kwa chumba

Bafuni unahitaji joto kwa robo saa, umevua nguo, na mara nyingi kuna feni ya kutoa mvuke inayotupa nje hewa yoyote uliyoipasha. Hapo hita ya kwarzi ya ukutani, iliyofungwa juu na kuelekezwa mahali unapojikaushia, inafaa kuliko konvekta. Lakini iwe ya bafuni kweli, yenye alama ya kuzuia maji yanayoruka, IPX4 au zaidi, ifungwe na fundi umeme mahali asipoweza kuifikia mtu aliye ndani ya maji, na saketi yake iwe na kinga ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Swichi iwe ya kamba au iwe nje ya mlango. Hita ya kubeba mkononi, ya aina yoyote ile, haiingii bafuni.

Chumba cha kulala ni cha konvekta ya bamba au hita ya mafuta: giza, kimya, thamostati. Mirija inayowaka pembeni ya shuka huku watu wamelala ni jambo la kuepuka kabisa. Ukipenda mionzi, paneli ya darini inakubalika. Kwa chumba cha mtoto mchanga usifikirie mionzi ya mirija hata kidogo. Mtu mzima akiungua anasogea, mtoto hawezi.

Sebule inategemea dari na milango. Ikifungika na ikiwa na kimo cha kawaida, konvekta. Ikiwa imeungana na jiko na ngazi, hewa ya moto itapanda ngazi na kuwapasha waliolala juu, na hapo ni afadhali paneli au kwarzi inayotazama viti.

Karakana na gereji ni eneo la mionzi, hasa hita iliyotundikwa juu na kuinamishwa kuelekea benchi la kazi. Ila kukiwa na petroli, tina au mvuke wa rangi, usiwashe kitu chochote kinachong'aa, na hita ya feni pia usiiwashe, kwa sababu inavuta mvuke huo moja kwa moja hadi kwenye waya wa moto. Fungua milango, maliza kazi, toa mvuke, ndipo uwashe. Vumbi la mbao linalofuka hewani nalo lihesabu vivyo hivyo.

Kibarazani na ukumbi wenye dari ndefu konvekta ni kupasha mawingu. Ofisini, mtu mmoja kwenye chumba kikubwa cha baridi ananufaika zaidi na paneli ndogo kando ya miguu kuliko kuongeza joto la ukumbi mzima.

## Kulingana na hali yako

Ukikaa chini ya saa moja kwa wakati, au chumba kinafunguliwa kila mara, anza na kwarzi ya mirija miwili inayoweza kuwashwa mmoja mmoja. Ukikaa nusu siku na watu wengine, anza na konvekta yenye thamostati, ya wati 1500 hadi 2000 kwa chumba cha ukubwa tuliouhesabu. Ukiwa na watoto wadogo au mnyama anayependa kulala mbele ya joto, chagua uso usiowaka, yaani hita ya mafuta au paneli iliyo juu. Wengine huwa na zote mbili: konvekta ikiwashwa kwa joto la chini, kama nyuzijoto 16, na kwarzi ya wati 400 kwa anayekaa. Mpango huo hufanya kazi vizuri kwenye nyumba ya tofali tupu.

Aina yoyote utakayoichagua, ichomeke kwenye soketi ya ukutani. Wati 2000 kwenye volti 230 ni karibu ampia 9 kwa saa nyingi mfululizo, na ekstensheni iliyozungushwa kwenye roli lake huyeyuka kutoka ndani kabla hujaona moshi. Baada ya nusu saa, gusa plagi. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, soketi imelegea, na soketi ndiyo ya kubadilishwa kwanza.

Kama bado huna hakika chumba chako kinavuja kiasi gani, washa udi siku yenye upepo, funga mlango na madirisha, na upitishe moshi polepole kwenye kingo zake, ukiuweka mbali na pazia. Moshi ukipanda wima kila mahali, konvekta itakutumikia. Ukilala ghafla kuelekea ndani sehemu mbili au tatu, ziba hizo kwanza, rudia kipimo, ndipo uende dukani.